Hesabu Itoke, Jina Libaki Kabatini

Ukiingia zahanati yoyote ya kijijini Tanzania, juu ya meza ya tabibu utakuta kitabu kikubwa chenye kurasa pana na mistari mingi. Wahudumu hukiita Kitabu Namba 5. Ni rejesta ya wagonjwa wa nje, kimojawapo cha vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenea nchi nzima katika miaka ya 1990. Kila anayefika kutibiwa huandikwa mstari wake: tarehe, namba, jina, kitongoji anachotoka, umri, jinsi, kama ni mara ya kwanza au amerudi, kipimo, ugonjwa, dawa. Kwa upana wa mstari mmoja tu wa kalamu, kitabu hicho kinajua mambo ambayo jirani yake mgonjwa hayajui.

Mwisho wa mwezi kitabu hufanyiwa majumlisho, na jumla hizo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Hilo lina utaratibu wake na fomu zake. Ninalotaka kulieleza ni ombi ambalo siku hizi huja kwa njia nyingine. Mtafiti, shirika la maji, au ofisa wa kata anaandika: tunaomba hesabu za kila siku za malaria na kuhara kwa miezi ya masika. Mhudumu anataka kusaidia, naye hana muda. Anachukua simu, anapiga picha ukurasa mzima, anautuma kwenye kundi la WhatsApp. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, katika zahanati ambayo sitaitaja, na aliyetuma hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Picha ile iliingia kwenye simu za watu zaidi ya kumi kabla chai haijapoa. Unaweza kuifuta kwenye kundi, lakini huwezi kuifuta kwenye simu ambazo tayari zimeihifadhi.

Kwa hiyo tufanye kazi hiyo inavyopaswa kufanywa, tukianza na ukurasa mmoja. Ukurasa huu nimeutunga mwenyewe, kwa sababu ukurasa wa kweli haupaswi kuonekana gazetini. Tuseme ni Jumatatu tarehe 15 Aprili 2024, mvua za masika zimekolea, na kitabu kina mistari 31 ya siku hiyo.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa mistari 31 ni wagonjwa 31. Mstari mmoja umekatwa kwa kalamu, kwa sababu mama aliyeandikwa pale alikuwa amekuja kliniki ya mtoto na akahamishiwa kitabu kingine. Mistari mingine miwili ni ya mtu mmoja. Alionwa asubuhi, akapelekwa kupimwa, akarudi na majibu saa nane mchana, na zamu iliyoingia ikamwandika upya. Ukitoa mstari uliokatwa na ule uliorudiwa, yanabaki mahudhurio 29. Tazama namna tulivyomtambua huyo aliyeandikwa mara mbili: kwa jina, umri na kitongoji. Ndiyo maana kazi ya kusafisha hesabu lazima ifanyike pale pale zahanati, kitabu kikiwa wazi mbele yako. Ukifuta majina kwanza kisha ukahesabu, huna tena namna ya kujua kuwa mistari miwili ni mtu mmoja.

Kati ya hao 29, wanne wamerudi kwa ugonjwa ule ule: mmoja kubadilishiwa bandeji, wengine kuangaliwa baada ya dozi. Wamehudhuria, lakini si wagonjwa wapya. Anayetaka kujua malaria inapanda au inashuka akiwahesabu tena, atapata mlipuko ambao haupo. Wamebaki 25, na hapo hesabu inapanda badala ya kushuka, maana watano kati yao wameandikiwa magonjwa mawili mawili. Mtoto ana malaria na anaharisha. Hivyo wagonjwa wapya 25 wametoa magonjwa 30. Jedwali lisiposema linahesabu watu au magonjwa, msomaji ataona 29 hapa na 30 pale, adhani mhudumu hajui kujumlisha.

Sasa magonjwa yenyewe. Njia ya zamani ya kupiga vijiti kwenye fomu ya tambuzi, vinne vimesimama na cha tano kikivikata, bado ni nzuri kuliko zote kwa ukurasa mmoja. Watu wawili wakae pamoja, mmoja asome kimya kimya kwa kidole, mwingine apige vijiti. Kisha wabadilishane na kurudia. Hesabu zikitofautiana, hawarudii siku nzima bali safu ile iliyotofautiana. Safu ya malaria ilitoa vijiti 13. Lakini tulipoangalia safu ya kipimo, wawili kati yao walikuwa na MRDT hasi, hicho kipimo cha haraka cha tone la damu. Tabibu alikuwa ameandika malaria kabla majibu hayajarudi, kisha foleni ikamzidi. Anayejumlisha hana ruhusa ya kubadilisha ugonjwa wa mtu kwa kukisia. Tuliweka alama ya penseli, tukamwuliza tabibu mwenyewe. Mmoja akamhamishia kwenye maambukizi ya njia ya hewa, wa pili kwenye mengineyo. Zikabaki malaria 11 zilizothibitishwa.

Je, 11 ni sahihi? Zahanati ina mashahidi wengine wawili. Kwenye dirisha la dawa, dozi za dawa mseto zilizotolewa siku hiyo ni 11, na hiyo inatia moyo. Lakini kitabu cha maabara kinasema vipimo vilivyotoka na malaria ni 12. Nani amepotea? Tulilinganisha namba moja moja mpaka tukampata: kijana aliyepimwa saa tisa na nusu, akaambiwa asubiri, tabibu akaitwa kwa mama mjamzito, naye kijana akaondoka na karatasi yake mfukoni. Hakuwa kwenye Kitabu Namba 5 kwa sababu hakurudi kuonwa. Mganga mfawidhi alimtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii akamtafute jioni ile ile. Tutarudi kwake.

Basi siku ile inasomeka hivi: malaria 11, njia ya hewa 7, kuhara 4, maambukizi ya njia ya mkojo 3, mengineyo 3, kuumwa na mbwa 1, kaswende 1. Jumla 30. Hakuna jina hapo, hakuna namba ya simu, hakuna kitongoji. Wengi wangesema kazi imeisha, tutume.

Mimi nasema hapo ndipo pa kuketi na kufikiri. Ile moja ya kaswende ni nani? Karatasi haisemi. Lakini Jumatatu ile watu zaidi ya ishirini walikaa kwenye benchi moja, wakaonana nani anaingia na nani anatoka na sindano. Ukiongeza safu ya umri na jinsi, ukaandika "mwanamke, miaka 60 na zaidi, 1", na kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja tu, umemtaja kwa jina bila kuandika jina. Hesabu ya moja, katika mahali padogo, ni jina lililovaa nguo nyingine.

Jambo hili lilithibitishwa mbali na huku, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Katika miaka ya 1990 rekodi za hospitali za watumishi wa jimbo hilo zilitolewa kwa watafiti, majina yakiwa yameondolewa. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa kompyuta, alinunua orodha ya wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akailinganisha na rekodi hizo kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta. Katika mji ule watu sita tu walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana William Weld, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu katika namba yake ya posta. Rekodi za matibabu za gavana zikawa mkononi mwake. Namba ya posta ya kule ina maelfu ya watu. Kitongoji chetu kina kaya ambazo balozi anaweza kuzitaja zote bila kufungua daftari.

Ndiyo maana kuna desturi ya kuficha hesabu ndogo. Wengi huweka mpaka kwenye 5: chochote kati ya 1 na 4 hakitoki kama kilivyo. Wengine ni wakali zaidi. Takwimu za vifo ambazo taasisi ya CDC ya Marekani huzitoa kupitia WONDER hufichwa zikiwa chini ya 10 kwa maeneo madogo. Mpaka huo haukushuka kutoka mbinguni, ni tahadhari tu, na mimi siutumii kama mashine. Kuhara 4 bila umri wala jinsi haitamwaibisha mtu. Kaswende hata ikiwa 6 nisingeitoa kwa siku, kwa sababu aibu yake ni nzito na benchi ni lile lile.

Lakini kuficha kuna mtego wake. Tuseme umeandika malaria 11, njia ya hewa 7, kuhara 4, mkojo 3, mengineyo 3, mbwa 1, kaswende ukaweka kistari, na chini ukaandika jumla 30. Mtoto wa darasa la nne atatoa 29 kwenye 30 na kukuambia kistari ni 1. Dawa yake ni kuunganisha. Zile safu ndogo zote ziingie kwenye fungu moja, nalo liwe kubwa la kutosha: 4 na 3 na 3 na 1 na 1 ni 12. Jedwali la Jumatatu likawa mahudhurio 29, malaria 11, njia ya hewa 7, mengineyo 12. Linajumlika, na halimsemi mtu.

Aliyeomba atalalamika: mimi nilitaka kuhara! Ana haki, na hapa inafaa kumwuliza swali ambalo waombaji wengi hawajajiuliza. Siku moja moja unaitakia nini? Kwa malaria karibu siku zote haihitajiki. Mvua ya leo haileti malaria kesho. Mbu anahitaji siku kumi hivi kutoka yai mpaka kuruka, vimelea vinahitaji kama siku hizo tena au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kisha wiki moja au zaidi mwilini mwa mtu kabla homa haijaanza. Kutoka mvua hadi benchi la zahanati ni kama mwezi, na hesabu ya wiki inatosha kabisa kuuona mwendo huo. Kuhara ni kinyume chake. Kisima kikichafuka Jumamosi, watu wanaweza kuanza kuharisha Jumapili au Jumatatu, na ukijumlisha wiki nzima umeizika dalili hiyo. Kwa hiyo ugonjwa unaohitaji siku ndio wenye namba ndogo, na ule wenye namba kubwa ndio usiohitaji siku.

Njia ya kutoka ni kupanua eneo badala ya kupanua muda. Zahanati tatu za kata moja zilete kuhara zao za Jumatatu: 4, 6 na 3. Kata inatoa 13 kwa siku hiyo, wala haionekani ni ya kijiji gani. Kama anayeomba anataka kijiji, apewe wiki. Katika mfano wetu Jumatatu hadi Ijumaa ni 4, 3, 6, 2 na 5, jumla 20. Achague moja kati ya hizo mbili. Akipewa zote, pamoja na zile za vijiji vingine, ataanza kutoa hii kwenye ile na kufichua kilichofichwa.

Na yule aliyeumwa na mbwa? Huyo asifichwe kwa wanaopaswa kujua. Kuumwa na mbwa, kama kipindupindu, surua au mtoto aliyepooza ghafla, kuna njia yake ya taarifa ya ufuatiliaji wa magonjwa, na humo mtu mmoja ni mmoja, na lazima apatikane ili apate chanjo kabla kichaa cha mbwa hakijamwahi. Kuficha hesabu ndogo ni kwa jedwali linalotoka nje ya mkondo wa tiba na udhibiti. Nimewahi kusikia mtu akichelewesha taarifa ya aina hiyo akisema analinda siri. Alichanganya milango miwili.

Zahanati ikiwa na kompyuta, kuna namna ya kuandika ukurasa bila kunakili kisichohitajika. Usianze kwa kuandika kila kitu ukitarajia kufuta baadaye. Safu ya jina isiwepo tangu mwanzo. Wala usiweke herufi za mwanzo za jina au namba ya rejesta ukidhani umeficha, kwa sababu aliye na kitabu ana ufunguo wa namba hiyo, na kijijini herufi mbili za jina zinatosha. Mimi huandika mstari mmoja kwa kila ugonjwa, umri kwa fungu la MTUHA badala ya miaka kamili (C ni mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, D ni miaka 5 hadi chini ya 60), na safu ya hudhurio ikiwa 1 kwa ugonjwa wa kwanza wa mtu na 0 kwa ule wa pili:

```
siku,umri,jinsi,hudhurio,ugonjwa
2024-04-15,C,KE,1,MAL
2024-04-15,C,KE,0,KUH
2024-04-15,D,ME,1,RUD
```

RUD ni aliyerudi kwa ugonjwa ule ule. Kisha pembeni, tarehe ikiwa kwenye G2 na alama ya ugonjwa kwenye H1, kanuni ya kwanza inatoa magonjwa na ya pili mahudhurio:

```
=COUNTIFS($A:$A,$G2,$E:$E,H$1)
=SUMIFS($D:$D,$A:$A,$G2)
```

Kwa Jumatatu yetu orodha ina mistari 34, yaani magonjwa 30 na marudio 4, na kanuni ya pili lazima itoe 29. Isipotoa 29, kuna mtu umemsahau au umempa 1 mara mbili. Orodha hii haina majina, lakini bado ni mtu mmoja mmoja, mwenye umri, jinsi na siku. Haitoki zahanati. Kinachotoka ni jumla peke yake.

Hapa wengi huteleza bila kujua. Katika Excel kuna jedwali la muhtasari linaloitwa PivotTable, linalojumlisha kwa kubofya tu. Linapendeza, lakini kwa kawaida linabeba nakala ya mistari yote nyuma yake, hata ukifuta karatasi uliyoanzia. Mpokeaji akibofya mara mbili juu ya ile namba 1 ya kaswende, karatasi mpya inafunguka na mstari mzima unajitokeza. Vivyo hivyo safu iliyofichwa haijafutwa. Inafichuliwa kwa kubofya mara moja. Njia salama ni kufungua faili jipya kabisa, kubandika namba tupu bila kanuni, kulihifadhi kama CSV, kisha kulifungua upya kwa programu ya kuandikia maneno matupu na kusoma kila kilichomo. Kama huoni jina kwa macho yako pale, halimo.

Jambo jingine dogo linaloharibu mengi ni nafasi tupu. Jumapili zahanati haikuhudumia wagonjwa wa nje, mhudumu akaandika 0. Mtafiti akaona kuhara 0 kila Jumapili, akaandika kuwa ugonjwa unapungua mwisho wa wiki. Sifuri maana yake tulifungua, tukaangalia, hakuwepo mtu. Siku iliyofungwa iandikwe "imefungwa", na siku ambayo kurasa zililowa ziandikwe "haisomeki".

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti kuliko nyingine. Kwa hiyo mganga mfawidhi anayedai ombi la maandishi, lenye kusema nani anataka nini na kwa ajili gani, hana kiburi. Barua hiyo ibaki kwenye jalada pamoja na nakala ya jedwali lililotoka, na kwenye nakala hiyo ya ndani iandikwe namba za kurasa za kitabu zilizohesabiwa. Miezi sita baadaye mtu akiuliza 11 ilitoka wapi, zahanati ifungue kabati na kujibu, naye muulizaji asiwe na haja ya kukiona kitabu.

Sasa yule kijana wa MRDT. Mhudumu wa jamii alimkuta kwao, homa ikiwa imempanda, naye akaja Jumanne saa moja na nusu asubuhi. Je, aongezwe kwenye Jumatatu? Kama jedwali la Jumatatu lingekuwa limeshatumwa jioni likiwa na 11, kisha likatumwa la pili lenye 12, aliyepokea yote mawili angejua kuwa mmoja ameongezwa usiku, na kijiji kizima kilimwona mhudumu wa jamii akipita na tochi kwenda nyumba ipi. Kwa malaria hilo ni dogo. Ingekuwa kaswende, marekebisho yangekuwa yamemtaja. Kwa sababu hiyo hatutumi jioni ya siku yenyewe. Wiki ifungwe, vitabu vilinganishwe, tabibu ajibu alama za penseli, ndipo jedwali litoke mara moja. Na kwa kuwa kijana alionwa na kupewa dawa Jumanne, na Kitabu Namba 5 huandikwa kwa siku ya kuonwa, Jumatatu ilibaki 11. Mstari wa kwanza wa Jumanne ukawa wake, na kando yake tabibu akaandika kwa penseli: amepimwa jana.